Homa Isiyoulizwa: Maji ya Mafuriko, Majeraha na Homa ya Mgunda

Katika mazungumzo yetu ya kila siku, mtu akitetemeka kwa baridi na kuumwa viungo, hukumu huwa imekwisha kutolewa kabla hajafika zahanati: ana malaria. Akitogwa kidole na malaria isionekane, rufaa hukatwa na hukumu ya pili ikawa taifodi. Maneno haya mawili yameimeza homa nzima, hata baadhi yetu hudhani kuwa kuumwa homa na kuugua malaria ni jambo moja. Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuchunguza lugha. Lakini palipo na ugonjwa ambao kutambuliwa kwake kunategemea yale mgonjwa atakayoyasema na yale tabibu atakayoyauliza, mwanaisimu naye ana neno la kuchangia. Ugonjwa huo upo, na msimu wake ni msimu wa mafuriko.

Madaktari huuita leptospirosisi. Huletwa na bakteria wembamba waliojisokota kama kizibuo, ambao makao yao ni figo za wanyama. Panya ndiye mbebaji wao mkuu, lakini ng'ombe, nguruwe na mbwa nao huwabeba. Panya mwenye bakteria hao aghalabu haumwi. Hula, huzaa na kukojoa kama kawaida, na kila akojoapo huwamwaga wale bakteria ardhini. Penye ukavu na jua kali hufa upesi. Penye tope, au maji baridi yasiyo ya chumvi, huweza kuishi kwa majuma kadhaa, wakingoja mahali pa kuingilia.

Sasa mvua kubwa inyeshe. Mtaro ufurike, mashimo ya panya yajae maji, na yote yaliyokuwa chini yapande juu na kutandazwa barabarani, uani na sakafuni. Mtu anayavuka maji hayo akiwa pekupeku, au amevaa champali zilizokwisha kusombwa na mkondo. Kisiginoni ana ufa, na njiani anakanyaga bati au kigae cha chupa. Hapo bakteria wamepata mlango. Jeraha kubwa halihitajiki, kwa maana mchubuko wa kawaida hutosha. Ngozi iliyolowa kwa saa nyingi ikalainika na kukunjamana nayo hupitisha, na kadhalika utando laini wa macho, pua na mdomo. Ndiyo sababu aliyerukiwa na maji hayo usoni hayuko salama kwa kuwa tu miguu yake haina jeraha.

Je, panya wetu wanao bakteria hao? Uchunguzi uliofanywa katika mtaa wa Kibera, Nairobi, na kuchapishwa mwaka 2013, ulipata dalili zao katika takriban panya 18 kati ya kila 100 waliopimwa. Wala ugonjwa wenyewe si mgeni humu nchini, kwani mwaka 2004 uliripotiwa kuzuka Bungoma. Hata hivyo, ukiuliza katika chumba cha walimu ni wangapi waliowahi kulisikia jina lake, yamkini mikono itakayoinuliwa itahesabika kwa vidole.

Gharama ya kutokuwa na jina imewahi kupimwa, tena karibu nasi. Mwaka 2007 na 2008, watafiti waliwachunguza kwa makini wagonjwa wapatao 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za mji wa Moshi, kaskazini mwa Tanzania. Wagonjwa sita katika kila kumi walikuwa wameandikiwa kwamba wana malaria. Walipopimwa kikamilifu, waliokuwa na malaria kwa hakika hawakufika hata wawili katika kila 100. Katika wale waliopimiwa maradhi ya bakteria yatokayo kwa wanyama, zaidi ya robo walikuwa nayo, na leptospirosisi ilikuwa miongoni mwa yaliyoongoza. Nisieleweke vibaya. Moshi si Kisumu wala Kwale, na kuna sehemu za nchi yetu ambako malaria bado ndiyo homa ya kwanza kufikiriwa, na ni haki iwe hivyo. Ninachosema ni kwamba neno moja likitumiwa kuziita homa zote, homa nyingine hazitoweki. Hubaki humo humo, zikiua chini ya jina lisilo lao.

Ili hoja hii isibaki hewani, tuchukue mfano. Mwanafunzi nitakayemtaja ni wa kubuni, lakini msimu ni wa kweli. Mvua za kuanzia Machi hadi Mei mwaka 2024 ziliua takriban watu 300 katika Kenya na kuwahamisha maelfu makwao. Shule zilizokuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili zilicheleweshwa hadi tarehe 13 Mei.

Tuseme basi kwamba Jumamosi, tarehe 4 Mei, kijana wa kidato cha tatu anamsaidia mamake kuokoa vyombo nyumbani kwao, kando ya Mto Mathare. Maji yanamfika magotini, naye anayakanyaga kwa saa tatu. Msumari unamchana juu ya kifundo cha mguu. Anajifunga kitambaa, anaendelea na kazi, na jeraha linapona kwa siku chache. Tarehe 13 anapanda basi kwenda shule ya bweni, mbali na mto, mbali na mamake, mbali na yeyote aliyemwona majini.

Jumanne, tarehe 14, homa inamvamia kwa ghafla. Kutoka majini hadi homa ni siku kumi. Aghalabu ugonjwa huu hujitokeza kati ya siku ya tano na ya kumi na nne, ingawa waweza kuanza siku ya pili tu au kuchelewa hadi mwezi mzima. Hapa ndipo penye mtego wa kwanza. Jeraha limekwisha kupona, maji yamekwisha kukauka, na kijana mwenyewe hana sababu ya kuyahusisha na homa ya leo. Bweni limekata uzi uliounganisha sababu na matokeo.

Kichwa kinamgonga na baridi inamtetemesha. Misuli inauma, na maumivu hayo yana mahali pake: kiunoni na hasa katika mashavu ya miguu, yale ambayo wengine huyaita tafu. Ukiyabonyeza kwa kidole, mgonjwa hushtuka. Wapo wasioweza kushuka ngazi kwa sababu ya maumivu hayo. Macho nayo yamekuwa mekundu, lakini wekundu wenyewe si ule wa macho yaliyoambukizwa vumbi au uchafu, kwa kuwa hayatoi usaha wala tongotongo. Dalili hizi mbili, maumivu ya tafu na macho mekundu makavu, hazimtokei kila mgonjwa, na kutokuwapo kwake si hati ya usalama. Lakini zikikutana na habari ya maji ya mafuriko, tabibu mwangalifu hupaswa kusimama na kufikiri upya.

Tumsikilize sasa kijana wetu akiwa kliniki.

"Unaumwa na nini, kijana?"

"Nina malaria, daktari. Mwili wote unauma."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

Anatogwa kidole, na malaria haionekani. Anatolewa damu ya kipimo cha Widali, kile cha taifodi, ambacho kinajulikana kwa kutoa majibu ya kupotosha. Anarudi bwenini na vidonge vya maumivu, na pengine dawa ya taifodi. Tazama yaliyotendeka katika mazungumzo hayo mafupi. Kijana aliombwa dalili, akatoa jina la ugonjwa. Tabibu aliuliza lini homa ilianza, hakuuliza nini kilitangulia. Hakuna aliyesema uongo, lakini maji hayakutajwa, na kwa ugonjwa huu maji ndiyo nusu ya uchunguzi.

Siku ya nne au ya tano tangu homa kuanza, joto la mwili linashuka. Kijana anakula, anacheka, anarudi darasani. Wote wanasema dawa imefanya kazi. Huu ndio mtego wa pili, na ndio mbaya zaidi. Katika siku za kwanza bakteria huwa wamejaa katika damu. Mwili unapoanza kutengeneza kingamwili, bakteria huondoka katika damu na homa hupungua, lakini hujificha katika figo na viungo vingine. Kwa wengi mambo huishia hapo, nao hupona bila kujua walichougua. Kwa wengine homa hurudi baada ya siku moja hadi tatu, pamoja na kichwa kikali na shingo kukakamaa. Na kwa wachache ini na figo hushindwa: macho huwa ya manjano, mkojo hupungua na kuwa mweusi kama chai ya rangi, damu hutoka puani au mgonjwa huikohoa kutoka mapafuni. Sura hii kali ndiyo iliyoelezwa na daktari wa Ujerumani, Adolf Weil, mwaka 1886, na hadi leo huitwa kwa jina lake. Haingojei kila mara pumziko la katikati. Pengine huja moja kwa moja. Damu ikianza kumwagika mapafuni, mgonjwa huweza kufa kwa muda wa saa chache. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2015 yanaonyesha kuwa duniani kote watu wapatao milioni moja huugua vibaya kila mwaka, na karibu 59,000 hufa.

Msomaji atauliza: mbona basi kijana hakupimwa ugonjwa wenyewe? Swali ni la haki, na jibu lake ndilo linaloipa lugha uzito katika jambo hili. Kipimo kinachotegemewa zaidi hutafuta kingamwili, na kingamwili hazionekani vyema hadi karibu juma moja tangu homa kuanza. Akipimwa siku ya pili, jibu laweza kuwa "hana" ilhali anao, na hivyo hulazimu damu ipimwe tena baada ya wiki mbili. Kuna kipimo kinachotafuta chembe za urithi za bakteria katika damu ya siku za mwanzo, lakini maabara yenye uwezo huo ni chache na ziko mbali na zahanati zetu nyingi. Kuwaotesha bakteria katika maabara huchukua majuma. Kwa hiyo tabibu hawezi kungoja karatasi ya maabara. Sharti aamue kwa kuiunganisha habari aliyoisikia na mwili aliouona. Habari isiposimuliwa, uamuzi hauna pa kusimama.

Na uamuzi huo una faida, kwa kuwa dawa zipo na si za ajabu. Kwa mgonjwa ambaye hajazidiwa, matabibu hutumia doksisaiklini, kidonge cha miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku saba. Wajawazito na watoto wadogo kwa kawaida hupewa amoksisilini. Aliyezidiwa hulazwa na kudungwa penisilini au seftriaksoni mshipani, na figo zikisimama huhitaji mashine ya kusafisha damu. Dawa hufaa zaidi zikianza mapema, katika siku zile za kwanza ambazo ndizo tunazozipoteza tukihangaika na malaria na taifodi. Ninazitaja ili msomaji ajue kwamba kinga ya kifo haiko ng'ambo, wala si ili ajinunulie dukani na kujitibu. Tahadhari moja zaidi: dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, tunazozimeza kama njugu, huweza kuziumiza figo ambazo tayari zimo hatarini. Mwenye homa baada ya mafuriko asizitumie kabla ya kuonana na tabibu.

Nirudi sasa kwenye jina. Julai 2022, watu walianza kuugua na kutokwa damu puani katika wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, kusini mwa Tanzania. Minong'ono ilienea juu ya ugonjwa usiojulikana. Baada ya uchunguzi, Wizara ya Afya ya nchi hiyo ilitangaza kuwa ni leptospirosisi, na kwamba watu 20 walikuwa wameugua na watatu kufariki. Lakini wizara haikuishia kwenye jina la kitaalamu. Iliwaambia wananchi kwa Kiswahili kwamba huu ni ugonjwa wa homa ya mgunda. Ghafla ugonjwa usiojulikana ukawa na jina linalotamkika.

Mgunda ni shamba. Mkikuyu halihitaji kamusi neno hili, kwani kwake shamba ni mugunda. Mkamba naye husema muunda. Ni neno la ukoo mkubwa wa lugha zetu za Kibantu, na linaeleza mahali ugonjwa unapopatikana: katika udongo uliolowa, palipo na mifugo na panya. Wakulima wa mpunga wa Mwea na Ahero, wanaoshinda majini siku kutwa, wataelewa upesi kwa nini homa hii ikapewa jina hilo. Napendekeza tulitumie bila kusita, kwenye mbao za zahanati na katika vitabu vya shule.

Hata hivyo jina nalo lina mipaka yake, na mwanaisimu asiyeitaja atakuwa amefanya kazi nusu. Mkazi wa Mathare au Mukuru akisikia homa ya shambani, huenda akadhani haimhusu, maana hana shamba. Kwake mgunda ni mtaro uliofurika mbele ya mlango. Kwa hiyo kila tunapolitamka jina hili mjini, tuliambatanishe na maelezo mafupi: homa ya mgunda, itokayo kwenye maji yenye mkojo wa panya. Jina la kwanza hulitambulisha jambo, na maelezo humfikia mhusika.

Kwa walimu nina ombi moja ambalo halihitaji bajeti. Shule zinapofunguliwa baada ya mafuriko, kila mwalimu wa darasa na awaulize wanafunzi maswali matatu na kuandika majibu: nani aliingia katika maji ya mafuriko, tarehe ngapi, na alikuwa na jeraha au mchubuko? Daftari hilo liwekwe kwa matroni au muuguzi wa shule kwa mwezi mmoja, kwa kuwa ndio muda ambao homa hii huweza kujificha. Mwanafunzi aliyeandikwa humo akipata homa, daftari liende naye kliniki. Asitengwe bwenini wala kunyanyapaliwa, kwani ugonjwa huu kwa kawaida hauambukizwi na mtu kwa mtu.

Kwa wanafunzi, jifunzeni kulisimulia tukio badala ya kulitaja jina la ugonjwa. Kijana wetu angejibu hivi: "Daktari, nina homa tangu jana. Siku kumi na moja zilizopita nilikuwa katika maji ya mafuriko kwa saa tatu, nikachanwa mguu na msumari. Tafu zinaniuma nikizishika. Kipimo kikionyesha sina malaria, nauliza kama yaweza kuwa homa ya mgunda." Sentensi nne tu. Ndani yake mna tarehe, maji, jeraha na dalili, tena bila kumvunjia tabibu heshima. Akisha kusema hayo, uamuzi ni wa tabibu. Lakini sasa anao msingi wa kuamulia. Na homa ikishuka kisha irudi, au macho yageuke manjano, au mkojo upungue, au pumzi ikatike, asingoje asubuhi. Apelekwe hospitali usiku huo huo.

Kuhusu kinga, maneno machache yatosha. Asiyelazimika kuyavuka maji asiyavuke. Anayelazimika avae buti za mpira, na jeraha alifunike kwa plasta isiyopenyeza maji, kwa kuwa kitambaa kilicholowa huyashikilia maji yale yale juu ya kidonda. Akitoka aoge kwa maji safi na sabuni, na jeraha jipya lioshwe vizuri na kuonyeshwa zahanati, maana pepopunda nayo hupitia mlango huo huo. Kuna dawa ya kukinga ambayo madaktari huwapa baadhi ya watu wanaoingia majini kwa kazi, kama waokoaji, lakini hilo ni la daktari kuamua, wala si la kumgawia kila mtu.

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Walimfikiria anayeficha kwa hiari. Kijana wetu hakuficha kitu. Hakuulizwa tu, naye hakujua kwamba yale maji ya Jumamosi yalikuwa sehemu ya ugonjwa wake wa Jumanne. Mvua zitakaporejea, tuanze na swali hilo: uliingia majini lini?